Bei ya zamani na bei ya leo: namna ya kuzilinganisha kwa tablo ya endisi



Mu kaye za kooperative zenu kuko bei za miaka mingi: gunia la maharagi, bidoni ya mafuta ya mawese, jembe, feza ya kubebesha mizigo. Wakati wa kupanga bei na mununuzi, kaye inafunguliwa na watu wanaanza kubishana. Mumoja anasema: "Mu 2021 tuliuzisha gunia kwa 100.000, leo ni 140.000, tumepanda." Mwingine anamujibu: "Hapana, franka ya leo haina nguvu sawa ile ya wakati ule." Na mununuzi naye anakuja na neno lake: "Nimewaongezea 40.000, munataka nini tena?"

Wote watatu wanasema kweli kidogo. Lakini hakuna anayeweza kukata neno kama bei mbili hizo haziko katika feza ya mwaka moja. Siku hizi picha ya tablo ya bei inazunguka mu telefone, ile picha ya ekrani ambayo mutu anapiga na kutumia wengine. Tablo hiyo inaweza kusaidia, lakini inaweza pia kudanganya mutu asiyejua kuisoma. Hapa tunaeleza namna ya kuitumia, hatua kwa hatua, na pale inapokomea.

Endisi ni nini

Watu wa takwimu wanachukua kitunga kimoja cha vitu ambavyo familia inanunua: chakula, sabuni, nguo, makala, kodi ya nyumba, usafiri na vingine. Wanauliza bei ya kitunga hicho kila mwezi. Mwezi moja ao mwaka moja wanauchagua kuwa mwanzo, na bei ya kitunga ya wakati ule wanaiita 100. Kisha wanaangalia: kama kitunga kile kile leo kinagharimu nusu zaidi, wanaandika 150. Namba hiyo ndiyo endisi. Haina franka wala dola ndani yake. Inasema tu kitunga kimepanda mara ngapi tangu mwanzo.

Mu inchi yetu kazi hiyo inafanywa na Institut National de la Statistique, na Benki Kuu ya Congo inatangaza pia namna bei zinapanda. Juu ya ekrani mutaona maneno "Indice des prix à la consommation" ao kifupi chake, IPC.

Mara nyingi picha haina endisi yenyewe, ina tu "taux d'inflation", ni kusema bei zimepanda kwa mia ngapi katika mwaka moja. Kwa Congo, toka Desemba mupaka Desemba, ilikuwa 13,1 kwa mia mu 2022, 23,8 mu 2023, na 11,7 mu 2024. Na hizo munaweza kujitengenezea endisi yenu. Muweke Desemba 2021 kuwa 100, kisha muzidishe mwaka kwa mwaka:

```
Des. 2021   100,0
Des. 2022   100,0 x 1,131 = 113,1
Des. 2023   113,1 x 1,238 = 140,0
Des. 2024   140,0 x 1,117 = 156,4
```

Angalieni muzuri hapa, juu wengi wanapotea. Wanajumlisha: 13,1 na 23,8 na 11,7, wanapata 48,6, wanasema bei zimepanda 48,6 kwa mia. Siyo hivyo. Kupanda kwa 2023 kulikuja juu ya bei ambazo zilikuwa zimekwisha kupanda mu 2022, na kwa 2024 vilevile. Ndiyo maana tunazidisha. Kweli yenyewe ni 56,4 kwa mia. Tofauti hiyo ya karibu 8 kwa mia ingeweza kula faida yote ya musimu.

Hesabu ya gunia la maharagi

Tuchukue kooperative ya mufano upande wa Masisi, inayouzisha maharagi Goma kwa kupitia Sake. Bei tunazoweka hapa ni za mufano tu, ili hesabu iwe nyepesi. Ninyi mutaweka zenu. Desemba 2021 gunia la kilo 100 liliuzwa franka 100.000, na kulibeba mupaka soko kulikuwa franka 10.000. Desemba 2024 gunia ni 140.000, na kubeba ni 20.000.

Kuleta bei ya zamani katika feza ya leo ni hesabu moja tu:

```
bei ya zamani x endisi ya leo / endisi ya zamani
100.000 x 156,4 / 100,0 = 156.400
```

Maana yake ni hii: ile feza ya gunia moja ya Desemba 2021 ilikuwa na nguvu ya kununua sawa franka 156.400 za Desemba 2024. Kwa hiyo, ili gunia libaki na nguvu ile ile, lingepashwa kuuzwa 156.400. Mununuzi analipa 140.000. Kunapunguka 16.400. Mukigawanya 140.000 na 156.400 munapata 0,895: gunia la leo linawapa karibu sehemu 90 kwa 100 za kile lilichowapa mbele. Bei mu kaye imepanda, lakini nguvu yake imeshuka.

Sasa mufanye vilevile na feza ya kubeba. Franka 10.000 za 2021 zinakuwa 15.640 za 2024. Lakini munalipa 20.000. Hapa kuko kitu zaidi ya feza kupoteza nguvu. Usafiri wenyewe umekuwa ghali, karibu 28 kwa mia juu ya bei zingine. Sababu hazionekani mu tablo. Inaweza kuwa barabara, mafuta ya gari, ao feza zinazolipwa njiani. Tablo inawaonyesha tu kwamba kuna jambo la kutafuta pale.

Tuunganishe pande mbili. Mu 2021, kiisha kulipa kubeba, gunia liliwabakishia 90.000. Katika feza ya Desemba 2024 hiyo ni 140.760. Leo gunia linawabakishia 120.000. Mutu anayesoma kaye bila hesabu ataona wamepata 30.000 zaidi kwa kila gunia. Lakini katika nguvu ya kweli wamepoteza 20.760 kwa kila gunia. Kama kooperative iliuzisha magunia 200, ni franka 4.152.000 ambazo hazikuingia, na hakuna mwizi aliyeziiba.

Hapo mazungumzo na mununuzi yanabadilika. Munaweza kumuonyesha kwamba "kuongeza 40.000" hakukufika hata pale bei ilikuwa mbele. Na komite inaona pia kwamba sehemu kubwa ya hasara, 16.400, inatoka mu bei ya gunia, na sehemu ndogo, 4.360, inatoka mu kubeba. Inajua pa kuanzia.

Kusoma picha ya ekrani bila kudanganyika

Picha ya ekrani ni kipande cha tablo, na mara nyingi kile kilichokatwa ndicho kilikuwa cha lazima. Mbele ya kuhesabu, mutafute vitu vine.

Kwanza, kichwa cha tablo. Ni ya inchi gani? Ni endisi ao ni kupanda kwa mwaka? Namba 23,8 ni kupanda kwa mwaka. Namba 140,0 ni endisi. Mukiweka 23,8 pahali pa endisi mu hesabu yetu mutapata jibu la ajabu. Kama picha haina kichwa, muombe aliyeituma apige ingine kutoka juu. Musikisie.

Pili, mwaka wa mwanzo. Mutauona umeandikwa sawa hivi: "base 100 = 2010", ao mwaka mwingine. Tablo mbili zenye mianzo tofauti zinaweza kuwa za kweli zote mbili na bado namba zao zisifanane hata kidogo. Haina matata kama namba zote mbili munazogawanya zinatoka mu tablo moja. Matata yanaanza mukichukua 2021 mu picha moja na 2024 mu picha ingine. Kuna pia tablo ambamo mwanzo unabadilika katikati: endisi inapanda, inapanda, kisha inaanguka gafula mupaka karibu 100. Bei hazikuanguka siku ile. Wamebadilisha mwanzo tu. Musigawanye kwa kuvuka mustari huo, mupaka mupate mwaka moja ambao umeandikwa katika mianzo yote mbili, ili uwe daraja.

Tatu, ni mwezi gani. Kolone ya "moyenne annuelle" inachanganya miezi 12 na kutafuta katikati yao. Kolone ya "fin de période" inaangalia Desemba tu. Mwaka ambao bei zinakimbia, sawa 2023, kolone mbili hizo zinaachana mbali. Kama bei ya kaye yenu ni ya Desemba, mutumie Desemba pande zote mbili. Kama ni bei ya katikati ya mwaka muzima, mutumie "moyenne annuelle" pande zote mbili. Musichanganye.

Ine, mukato na nukta. Tablo ya Kifaransa inaandika 113,1 kwa mukato, na mashini ya hesabu ya telefone nyingi inataka 113.1 kwa nukta. Kwenye kaye zetu nukta inatenga maelfu: 140.000. Mutu akiandika 140.000 namna ilivyo ndani ya telefone, mashini inaweza kuelewa 140 tu. Muandike 140000 bila nukta.

Na kama picha haionekani muzuri? Tatu na nane zinafanana sana mu picha iliyotumwa mara kumi. Kuna njia ya kujua. Mugawanye namba ya mwaka moja na ya mwaka ulioutangulia, muone kama inafanana na kupanda kwa mwaka kulikotangazwa:

```
140,0 / 113,1 = 1,238   (23,8 kwa mia: sawa)
140,0 / 118,1 = 1,185   (18,5 kwa mia: si sawa)
```

Kama mulisoma 118,1, hesabu inawaambia mara moja kwamba ni 113,1. Kazi hiyo inachukua dakika moja.

Na bei za dola?

Mu Kivu yetu vitu vikubwa vinahesabiwa kwa dola: mashini ya kukoboa mupunga, mabati, ngombe, kiwanja. Wengi wanasema dola haibadiliki, basi hakuna lazima ya kusahihisha. Dola nayo inapoteza nguvu, polepole tu. Endisi ya Amerika, ambayo mwanzo wake ni miaka 1982 mupaka 1984, ilikuwa 236,736 kwa mwaka 2014 na 313,689 kwa mwaka 2024. Tuseme kooperative ya Walikale ilinunua mashini kwa dola 1.500 mu 2014:

```
1.500 x 313,689 / 236,736 = 1.988
```

Dola 1.500 za 2014 zilikuwa na nguvu sawa karibu 1.988 za 2024. Kama komite iliweka dola 1.500 mu sanduku ili siku moja inunue mashini ingine, isishangae leo kuona hazitoshi. Na kama muuzishaji anaomba 1.900 kwa mashini ya namna ile ile, namba ni kubwa lakini bei ya kweli haikupanda, imeshuka kidogo.

Lakini mukumbuke sheria moja: tablo inafuata feza iliyoandikwa mu kaye. Bei ya franka inaenda na endisi ya Congo. Bei ya dola inaenda na endisi ya Amerika. Angalieni kitakachotokea mukichanganya. Endisi ya Amerika ya mwaka 2021 ni 270,970. Mutu akiitumia kwa gunia letu la franka 100.000, atapata karibu 115.800 na atasema: "Tunauzisha 140.000, tumepata faida kubwa." Tablo ya kweli ilisema 156.400, na kwamba tumepoteza. Tablo mubaya haikupunguza tu jibu, imeligeuza.

Mwingine atasema: tuhesabu yote kwa dola, iishe. Mwisho wa 2021 dola moja ilikuwa karibu franka 2.000, na mwisho wa 2024 karibu 2.850. Gunia lilikuwa dola 50, leo ni dola 49. Inaonekana hakuna kilichobadilika. Lakini katika miaka ile mitatu bei za vitu mu franka zilipanda 56 kwa mia, na dola ilipanda karibu 43 kwa mia tu. Mwenye dola 49 leo anapata vitu kidogo kuliko mwenye dola 50 wakati ule. Kubadilisha franka kuwa dola kunaonyesha namna franka ilianguka mbele ya dola. Hakuonyeshi kupanda kwote kwa bei mu soko.

Pale endisi inapokomea

Endisi ya Congo ni namba moja kwa inchi inzima, na kitunga chake ni cha familia inayonunua mu soko la muji. Haijui kwamba chumvi inafika Walikale kwa ndege ndogo ao kwa barabara yenye matope. Haijui barabara ya Masisi ilifungwa juma lile. Tangu Januari 2025, benki zilipofungwa Goma, feza na bei za kwetu zimefuata njia yake, na namba ya inchi haiwezi kuonyesha hiyo yote. Tena endisi haiwaambii bei ya haki ni ngapi. Inawaambia tu bei ya zamani ina uzito gani leo. Kama mwaka ule wa zamani ulikuwa wa njaa na maharagi yalikuwa ghali sana, mutalinganisha na mwaka usio wa kawaida. Ni vema kuchukua miaka miwili ao mitatu ya zamani, muone kama zinasema neno moja.

Kwa sababu hiyo tunawashauri kuwa na kitunga chenu kidogo pembeni ya tablo. Muchague vitu vitano ao sita ambavyo kila mwanamemba ananunua: jembe, kilo ya chumvi, kipande cha sabuni, litre ya mafuta, kaye ya mutoto wa masomo, feza ya moto mupaka soko. Muandike bei zake siku ile ile ya kila mwezi, mu soko lile lile, na kwa kipimo kile kile. Kipimo ni cha lazima: sabuni iliyokatwa ndogo kwa bei ya zamani ni sabuni iliyopanda.

Kisha muulize: gunia moja linanunua majembe mangapi? Kama mu 2021 jembe lilikuwa 10.000, gunia la 100.000 lilinunua majembe 10. Kama leo jembe ni 20.000, gunia la 140.000 linanunua 7. Hata mama ambaye hakusoma hesabu anaelewa jibu hilo, na anaweza kulihakikisha yeye mwenyewe mu soko. Kama kitunga chenu na tablo ya inchi vinasema karibu neno moja, muende kwa mununuzi na vyote viwili. Kama vinaachana mbali, muamini kwanza kitunga chenu kwa mambo ya hapa, kisha mutafute ni kitu gani kilichopanda kupita vingine.

Neno la mwisho kwa waandishi wa kaye. Kila bei muiandike na mwezi, mwaka, aina ya feza na kipimo: "Desemba 2024, franka, gunia kilo 100". Bei zilizoandikwa mbele ya katikati ya 1998 ni za zaire mpya, siyo franka ya leo, na zile za mbele ya 1993 ni za zaire ya zamani, kwa hiyo musiziingize mu hesabu hii. Na picha ya tablo muliyotumia, muandike pembeni mwaka wake wa mwanzo na kolone muliyosoma, ili atakayefungua kaye mwaka ujao aweze kurudilia hesabu na kupata namba ile ile.